Kupanga matangi, jenereta na dizeli ya hoteli kwa hesabu moja

Saa tisa usiku nilipigiwa simu na kijana wa zamu katika hoteli ambayo nilikuwa fundi mkuu wake. "Mkuu, ghorofani maji hakuna, na wageni wameanza kupiga simu mapokezi." Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, jenereta ilikuwa inafanya kazi vizuri, na tangi la chini lilikuwa na maji yanayozidi lita 40,000. Nilipofika nilikuta pampu ya kupandishia maji imeunganishwa kwenye bodi ambayo jenereta hailishi. Aliyeifunga aliona nafasi ya breka iko wazi pale, akaitumia. Usiku ule tulipandisha maji kwa ndoo hadi ghorofa ya tatu, na kulipokucha tukaihamisha pampu.

Tangu hapo sijawahi kupanga maji peke yake, wala jenereta peke yake. Maji yanapanda kwa pampu, pampu inataka umeme, jenereta inataka dizeli, na dizeli nayo ina muda wake wa kuletwa. Nitapitia hatua zote nikitumia hoteli moja ya mfano: vyumba 40, ghorofa tatu, wageni 70 ikijaa. Namba ni za mfano huo. Wewe fuata njia, weka namba zako.

Hatua ya 1: Fungua daftari la kukatika

Kabla ya kununua chochote, andika kwa miezi mitatu angalau, na kipindi cha ukame kiwemo. Umeme umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi. Maji vivyo hivyo. Daftari likae kwa mlinzi au mapokezi, mahali penye mtu saa zote.

Namba unayoitafuta ni muda mrefu zaidi ambao huduma imekosekana. Wastani utakudanganya, kwa sababu kukatika mara nyingi kwa saa mbili mbili kunaficha siku nne za ukame zilizotokea mara moja. Andika pia siku zilizopita kati ya kukatika kumoja na kwingine. Utaona hapa chini kwamba ndizo zinazoamua zaidi kuliko watu wanavyodhani. Katika mfano wetu, maji yamewahi kukosekana siku 4 mfululizo, umeme saa 36, na kwa mwezi mzima umeme hukosekana kama saa 60.

Hatua ya 2: Pima matumizi, usikadirie

Funga mita kwenye bomba linalotoka tangini kwenda hotelini. Mita ya mtoa huduma iliyo kwenye bomba la kuingia inakuonyesha maji yaliyojaza tangi, si yaliyotumika. Soma kila siku saa 12 asubuhi na andika pembeni idadi ya wageni waliolala. Baada ya wiki chache utajua hoteli inatumia lita ngapi ikijaa. Katika mfano wetu ni lita 20,000 kwa siku, yaani kama lita 285 kwa kila mgeni, jiko, dobi na wafanyakazi wakiwemo.

Mara moja moja soma mita hiyo saa 8 usiku na tena saa 10. Wageni wamelala, jiko limefungwa. Mita ikiendelea kuzunguka bila kukoma, yako maji yanayovuja, na mara nyingi ni tangi la choo ambalo valvu yake haizibi. Ziba kwanza ndipo uhesabu ukubwa wa matangi, la sivyo utajenga tangi la kuhifadhi mvujo.

Sasa pima namba ya pili: matumizi ya siku ya mgao. Kufua kunapelekwa nje au kunaahirishwa, bustani hainyweshwi, mashuka ya mgeni anayeendelea kukaa hayabadilishwi kila siku. Jaribu kwa siku mbili kweli kweli na usome mita. Hoteli yetu ilishuka hadi lita 13,000.

Hatua ya 3: Hesabu akiba, kisha hesabu kujaza upya

Siku ya kwanza ya kukatika hoteli hutumia kama kawaida, kwa kuwa hakuna anayejua kama maji yatarudi jioni au wiki ijayo. Kwa hiyo hesabu siku moja kamili na siku tatu za mgao: 20,000 kujumlisha mara tatu ya 13,000, jumla lita 59,000. Maji ya chini kabisa ya tangi hayavutwi na hayafai kuvutwa, maana ndiko tope linakotua. Ongeza kama asilimia kumi, unapata matangi ya lita 66,000 hivi. Tuchukue 70,000: 60,000 chini na 10,000 juu ya paa.

Wengi huishia hapo, wakanunua matangi, wakaona kazi imekwisha. Lakini jiulize: yakiisha, yatajaa tena lini?

Pima kasi ya maji yanayoingia. Fungua bomba la kuingiza, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 29, unapata kama lita 2,500 kwa saa. Tuseme maji hutoka saa 10 kwa siku: unapokea 25,000. Hoteli inakula 20,000. Kinachobaki kujaza tangi ni 5,000 tu kwa siku, kwa hiyo lita 59,000 zitarudi baada ya siku 12. Sasa angalia daftari lako. Kama maji hukatika tena baada ya siku 6, utaingia kwenye ukame wa pili ukiwa na lita 30,000: siku ya kwanza inakula 20,000, na ya pili haifiki jioni. Una matangi ya siku nne na bado umekauka siku ya pili. Kuongeza tangi la tatu hakusaidii hata kidogo, kwa sababu nalo halitajaa.

Dawa ya kwanza haina gharama. Maji yakirudi, usiondoe mgao mpaka tangi lijae. Kwa matumizi ya 13,000 unabakiwa na 12,000 kila siku, na tangi linajaa kwa siku 5 badala ya 12. Mameneja hawapendi, kwani mgeni anaona maji yamerudi na bado dobi limefungwa. Shikilia hapo hapo.

Dawa ya pili iko kwenye bomba la kuingiza. Mara nyingi kinachobana ni valvu ya floti yenye tundu dogo kuliko bomba lenyewe, au chujio lililojaa mchanga. Safisha, badilisha, kisha pima tena kwa ndoo. Usifunge pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtoa huduma: unawanyima majirani, na ukinyonya bomba lenye nyufa unavuta uchafu wa ardhini uingie kwenye maji yako.

Dawa ya tatu ni boza. Likubaliwe mapema, siku ambayo maji yapo, na liitwe tangi likifika nusu. Ukisubiri robo utakuta kila mtu ameita siku hiyo hiyo. Kabla halijamwaga, kinga maji kwenye chupa safi uyaangalie kwenye mwanga, uyanuse, na upime klorini kwa kile kifaa kidogo cha rangi. Ukiruhusu maji machafu yaingie, umeharibu na yale mazuri yaliyokuwemo.

Hatua ya 4: Jinsi ya kuyaweka matangi

Gawa tangi la chini vipande viwili vya lita 30,000, kila kimoja na valvu zake, ili uoshe kimoja huku hoteli ikitumia kingine. Bomba la kuingizia liwe upande mmoja na la kutolea upande wa pili, maji yapite yote. Yanapoingia na kutoka kona moja, ile kona ya mbali hulala na klorini yake huisha. Klorini iliyobaki ipimwe bombani kwa mgeni, si tangini: isipungue miligramu 0.2 kwa lita, na 0.5 ni kiwango kizuri cha kulenga.

Akiba ya zimamoto haihesabiwi ndani ya hizi 70,000. Kama ni tangi moja, bomba la hoteli litoe maji juu ya kiwango cha akiba hiyo na bomba la zimamoto litoe chini, ili hata mtu akisahau, jiko lisiweze kuimaliza. Kiasi chake kinatoka kwa mamlaka ya zimamoto ya mahali ulipo.

Kuhusu paa: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lita 10,000 ni tani 10 kabla ya uzito wa matangi na kitako chake. Muulize mhandisi wa majengo kabla ya kupandisha. Faida ya tangi la juu ni kwamba maji yanashuka yenyewe bila umeme. Kwa matumizi ya mgao, lita 10,000 ni karibu saa 18 za maji hata kama kila mashine imezima. Ila kila mita 10 za kimo zinatoa kama baa 1 tu ya shinikizo, kwa hiyo ghorofa iliyo chini tu ya paa itapata maji yanayotiririka taratibu. Ghorofa hiyo pekee ndiyo inayohitaji pampu ndogo ya kuongeza nguvu, na pampu hiyo iandike kwenye orodha ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Gawa mizigo ya umeme mafungu matatu

Tembea na fundi umeme bodi kwa bodi, breka kwa breka, na kila breka aizime muone nini kinazimika. Msiamini maandishi ya zamani yaliyobandikwa. Hapa ndipo ningeikuta pampu yangu.

Fungu la kwanza halipaswi kuzimika hata sekunde moja: taa za dharura, king'ora cha moto, kompyuta za mapokezi, intaneti, kamera. Katika mfano wetu ni kama kW 1.5, na linalishwa na betri na inveta kwa saa mbili. Hiyo ni kWh 3. Betri za risasi na asidi usizimalize chini ya nusu, hivyo nunua za kWh 6 au zaidi kidogo. Saa mbili zinatosha fundi kuamka, kugundua kwa nini jenereta imegoma, na kuiwasha.

Fungu la pili ni la jenereta: vyumba vya baridi na friji, pampu za maji, taa, soketi za vyumba, feni za jiko, na viyoyozi usiku.

Fungu la tatu linakaa nje: hita za maji za umeme, mashine za kukaushia nguo, pasi kubwa. Hita 40 za kW 2 ni kW 80, zaidi ya kila kitu kingine hotelini kikijumlishwa. Zikiachwa kwenye jenereta, saa 12 asubuhi wageni wakioga kwa pamoja itazima. Maji ya moto yatoke kwenye jua, gesi au bwela. Kama unayahifadhi kwenye tangi la pamoja, yawe nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, kwa sababu maji ya uvuguvugu yaliyolala ndiyo yanayozalisha bakteria wa lejionela.

Hatua ya 6: Chagua jenereta kwa mzigo wa kweli

Hapa watu hukosea kwa kwenda juu. Wanajumlisha kila kitu, wanaongeza nusu "kwa usalama", wananunua mashine kubwa ambayo usiku wa manane inabeba robo ya uwezo wake. Injini ya dizeli inayofanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote, na mabaki yake hujikusanya. Utajua kwa majimaji meusi yenye mafuta yanayochuruzika kwenye maungio ya ekzosi, na moshi mwingi siku unapoipa mzigo mkubwa ghafla.

Pima mzigo wa fungu la pili kwa kifaa cha kubana waya, mchana na usiku, siku hoteli imejaa. Sisi tulipata wastani wa kW 14 mchana, na kW 30 usiku viyoyozi vikifanya kazi, kilele kikifika 40. Jenereta ya kVA 60 ni kW 48, kwa kuwa kVA unazidisha kwa 0.8. Usiku inafaa. Mchana ingekaa kwenye asilimia 29, pabaya. Kwa hiyo ningechagua mbili: ya kVA 60 kwa usiku na ya kVA 30, yaani kW 24, kwa mchana. Dizeli utakayookoa si nyingi, labda lita kumi na kitu kwa siku nzima ya kukatika. Sababu yangu ni nyingine: injini zote mbili zinakaa kwenye mzigo unaozifaa, na kubwa ikiharibika, ndogo inaendelea kuvuta pampu, friji na taa, huku viyoyozi vikizimwa.

Kilele cha kuanzia nacho ukiangalie. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Kompresa mbili za chumba cha baridi na pampu zikiamka pamoja umeme unaporudi, mashine ndogo itajikwaa. Weka taima ili ziamke moja moja, zikipishana kwa nusu dakika.

Muuzaji akikutajia uwezo, muulize ni uwezo wa dharura au wa kazi ya kila siku. Hoteli inayokosa umeme saa 60 kwa mwezi inahitaji namba ya kazi ya kila siku, ambayo ni ndogo. Ukiwa kwenye mwinuko mkubwa au joto kali, injini hupoteza nguvu, na kiasi kipo kwenye jedwali la mtengenezaji. Kati ya umeme wa gridi na jenereta lazima pawe na swichi ya kubadilishia ambayo haiwezi kufunga pande zote mbili kwa wakati mmoja. Bila hiyo unarudisha umeme kwenye nguzo, na fundi aliyepanda kurekebisha waya akiamini umezimwa anaweza kufa. Moshi nao utolewe juu, mbali na madirisha ya vyumba, kwa maana kaboni monoksaidi haina harufu na mgeni aliyelala hatajua.

Hatua ya 7: Dizeli ihesabiwe kwa saa

Chukua lita 0.3 hivi kwa kila kWh kama makadirio ya kuanzia, kisha yasahihishe kwa daftari lako. Mchana tulitumia kama lita 4.5 kwa saa, usiku 9. Kwa saa 24 ni lita 162, wastani wa 6.75 kwa saa.

Kisha uliza maswali mawili: umeme umewahi kukosekana muda gani mrefu zaidi, na ukiagiza dizeli inafika baada ya muda gani? Sisi ni saa 36 na saa 24. Jumlisha, 60, zidisha kwa 6.75: lita 405. Hicho ndicho kiwango ambacho tangi halitakiwi kushuka chini yake kabla oda haijatoka. Chini ya tangi la lita 1,000 kuna kama lita 100 zisizovutwa, na juu haujazi zaidi ya 950. Kwa hiyo kijiti cha kupimia kikisoma 500, oda inatoka siku hiyo hiyo, bila kusubiri kikao. Ni vizuri mhasibu awe ameshasaini idhini hiyo mapema.

Kwa nini si tangi la lita 5,000? Kwa sababu tunatumia lita 405 hivi kwa mwezi. Lita 5,000 zingekaa karibu mwaka, na dizeli inayolala zaidi ya miezi sita hadi kumi na miwili huanza kuharibika. Hewa inayoingia na kutoka tangini huacha umande, maji hutua chini, na kwenye mpaka wa maji na dizeli huota utelezi mweusi unaoziba filta. Dalili yake ni jenereta inayowaka vizuri, inabeba mzigo kidogo, kisha inaishiwa pumzi na kuzima, filta mpya au la. Kila wiki fungua koki ya chini ya tangi, kinga kwenye chupa ya kioo, iache dakika kumi. Maji yatajitenga chini. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu, na mabaki hayo yasimwagwe kwenye mtaro.

Tangi likae ndani ya beseni la zege linaloweza kubeba asilimia 110 ya ujazo wake, mbali na injini yenye joto. Pokea dizeli kwa kijiti, kabla na baada, mbele ya dereva. Na kila siku linganisha lita zilizotoka na saa za mita ya jenereta: ikiwa juzi ilikuwa lita 9 kwa saa na leo ni 12 kwa mzigo ule ule, ama injini inaumwa ama dizeli inatoka kwa mlango mwingine.

Hatua ya 8: Zima gridi mwenyewe

Chagua siku yenye wageni nusu, waambie wafanyakazi, kisha zima swichi kuu saa 4 asubuhi na uiache hivyo kwa saa sita. Funga pia valvu ya maji ya kuingia. Angalia kama pampu inapandisha, na inachukua muda gani kujaza tangi la juu. Katika mfano wetu pampu inatoa lita 5,000 kwa saa, hivyo saa mbili zinatosha, na kanuni ya zamu inakuwa rahisi: siku ya kukatika, tangi la juu lijae kabla ya saa 12 jioni, wakati jenereta ndogo bado inafanya kazi. Hata ikigoma usiku, maji yapo hadi mchana wa kesho.

Rudia jaribio kila mwezi, jenereta ikiwa na mzigo wa kweli, kwa nusu saa angalau. Anza na betri ya kuwashia, kwani jenereta inayogoma kuwaka mara nyingi inagomea hapo: vituo vyenye ukungu mweupe, au chaja yake iliyounganishwa kwenye soketi ambayo mtu ameichomoa ili achaji simu. Oili hubadilishwa kama kila saa 250, na kwa saa 60 za mwezi, mashine mbili zikigawana, kila moja itafikia huko baada ya miezi minane hivi. Muda mrefu hivyo husahaulika, kwa hiyo andika saa ya kubadilisha kwa kalamu nene juu ya mlango wa jenereta wenyewe, karibu na namba ya simu ya muuza dizeli.